Noah inakula matairi ya mbele upande wa ndani, alaimenti imepimwa mara mbili. Naomba mnisomee picha

DagaaMwaloni
Mwangaluka wakuu, na shikamooni wakubwa wote humu.

Nina Noah Voxy, ile AZR60, matairi 195/65R15. Nabebea dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Sengerema, na siku nyingine ni gari la nyumbani tu. Naishi Bugarika juu kabisa, wenye kwenda kule mnajua barabara yenyewe: mawe, kona, mteremko mpaka chini. Ndiyo maana nilipolinunua niliwekewa spesa mbele na nyuma ili linyanyuke kidogo.

Shida ni kwamba tairi la mbele kushoto limekwisha kwa ndani hadi kipara, karibu waya zionekane, wakati kwa nje kashata zipo kama jipya. Kulia nako kumeanza. Nimepima alaimenti mara mbili sehemu mbili tofauti, karatasi zote zinatoka kijani tupu. Fundi wa mwisho ameniambia ni kempa, ninunue boliti za kempa na matairi mawili mapya.

Nimeweka picha tatu. Ya kwanza mbele kushoto, ya pili mbele kulia, ya tatu nyuma kushoto. Kabla sijatoa hela, picha hizi zinasema nini?

Jabali la Igogo
Pole dada. Hiyo ni kempa wala usiumize kichwa. Tairi likiisha kwa ndani maana yake limelala, kichwa kimeingia ndani na mguu umetoka nje, kwa hiyo uzito wote unakaa kwenye ukingo wa ndani. Na sababu umeitaja mwenyewe, spesa. Ukinyanyua gari unaharibu kempa. Toa spesa, weka boliti, mchezo umekwisha.

Kamanga Kivukoni
Samahani niulize hapohapo, 195/65R15 mpya sasa hivi inauzwaje hapa mjini? Nina Spacio, sijui kama zitaingia.

Fundi Miguu Mabatini
Dada DagaaMwaloni, marahaba. Kwanza hilo tairi la kushoto litoe leo. Usiliweke hata kuwa spea. Ukingo ukifika karibu na waya tairi linaweza kupasuka wakati wowote, na wewe unapita daraja la Kigongo–Busisi ukiwa na mzigo.

Sasa kuhusu picha. Jabali amesema jambo la kweli, kempa huwa inakula ukingo mmoja. Lakini tou nayo inakula ukingo mmoja. Matairi ya mbele yakiwa yametanuka kwa mbele, kila moja linachungulia upande wake, ukingo wa ndani unaisha vilevile. Ukisimama mbali na kutazama, alama ya kempa na alama ya tou ni pacha. Zinatofautiana kwenye ngozi ya kashata, na ngozi hiyo kwenye picha zako haionekani.

Picha ya kwanza umepiga kwa flashi ya simu ukiwa umelikabili tairi. Mwanga wa namna hiyo unafuta vivuli vyote, kila kitu kinaonekana bapa. Tena tairi lina vumbi jekundu limejaa kwenye mifereji. Picha ya pili tairi limelowa, na maji yanaling'arisha kiasi kwamba hata kashata iliyochongoka inaonekana laini. Ya tatu umesogeza simu karibu sana. Ukipiga karibu vile, lenzi inalivimbisha katikati na kuyasukuma mabega nyuma, kwa hiyo hata tairi zima linaonekana kama limeisha pande zote mbili. Sitasema lolote kuhusu la nyuma kwa picha hiyo.

Naomba upige upya hivi. Osha matairi, yaache yakauke kabisa. Kata usukani hadi mwisho upate kuona uso wa tairi lote, na la kushoto litakuwa limeshatoka, hilo liweke chini lisimame. Andika kwa chaki NJE kwenye ukingo wa nje, na uchore mshale wa kule gari linakokwenda, kwa sababu mimi nikiangalia picha ya tairi lililotolewa siwezi kujua ndani ni upi. Simama hatua moja nyuma na uvute kwa zumu kidogo, usisogeze simu. Halafu mtu akushikie tochi pembeni, mwanga ulale juu ya kashata ukitokea ubavuni. Piga mara mbili: tochi ikitokea upande wa nje, kisha ikitokea upande wa ndani.

Na kabla ya kupiga, pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Taratibu, usije ukajichoma na waya. Niambie upande gani unateleza na upande gani unakwaruza. Kiganja chako kitanisaidia kuliko picha kumi.

Maswali mengine: haya matairi yote manne uliyanunua mapya pamoja? Kuna lolote limewahi kuhamishwa?

Jabali la Igogo
Fundi heshima kwako, ila mbona unazungusha? Karatasi ya alaimenti imesema tou iko kijani. Mara mbili, sehemu mbili. Kama tou ni nzima, kinachobaki ni kempa. Hesabu ya kutoa tu.

Fundi Miguu Mabatini
Jabali, nitakujibu picha zikija. Nina sababu ya kutoiamini hiyo kijani moja kwa moja.

Ila la spesa nikusahihishe mapema. Mbele ya Noah hii ni shokapu imesimama juu ya mkono mmoja wa chini. Ukiweka spesa juu ya shokapu, gari linapanda na mkono wa chini unaelekea chini zaidi. Kichwa cha tairi kwa kawaida kinatoka nje kidogo, hakiingii ndani. Gari lililoshuka, lenye springi zilizochoka, ndilo vichwa vya matairi vinaingia ndani. Kwa hiyo gari lililonyanyuliwa likila kwa ndani, mimi spesa inanifanya niitilie shaka kempa zaidi, sio niiamini. Spesa inavuruga tou pia, hiyo ni kweli, na kila anayenyanyua gari lazima apime upya.

Konda Mstaafu
Wakuu na mimi nisaidieni. Nina Hiace inapiga Buhongwa–Airport. Ya kwangu inaisha katikati ya tairi, nyuma zote mbili. Pembeni kashata nzima. Hiyo nayo ni alaimenti?

Fundi Miguu Mabatini
Konda, yako haihusiani na alaimenti. Nyuma zote mbili, katikati, karibu kila mara ni upepo mwingi. Mnajaza upepo wa gari limejaa hadi mlangoni halafu mchana mnazunguka na abiria wanne. Tairi gumu linasimama kwa tumbo. Tazama kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kimeandika ngapi kwa matairi ya nyuma, na upime asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi lililochemka linasoma juu. Nyuma ndiko kunakosukuma gari kwenye Hiace, kwa hiyo katikati kutatangulia kidogo hata upepo ukiwa sawa. Ila sio hadi tofauti ionekane kwa macho ukiwa umesimama.

Konda Mstaafu
Asante fundi. Vijana wanasema upepo mdogo gari linakuwa zito na mafuta yanakwenda.

Nyegezi Kona
Na upepo mwingi breki zinateleza kwenye ile lami ya Mkuyuni ikinyesha. Jaza cha kibandiko.

DagaaMwaloni
Fundi nimefanya ulivyosema, shemeji yako alishika tochi. Picha nne mpya nimeziweka.

Kiganja: tairi la kushoto nikitoka ndani kwenda nje linateleza kabisa. Nikitoka nje kwenda ndani linakwaruza kama msumeno, hasa nusu ya ndani, na hata kwenye kashata za katikati nasikia kidogo. La kulia hali ni hiyohiyo lakini kwa mbali sana.

Kuhusu matairi: la kushoto mbele na ya nyuma mawili yalinunuliwa mapya pamoja. La kulia mbele ni mtumba, lilifungwa karibuni baada ya lile lake kupasuka kwa jiwe huku kwetu. Wakati wananifungia ukingo wa ndani ulikuwa tayari umeliwa kidogo, ndio maana bei ilikuwa nafuu.

Fundi Miguu Mabatini
Sasa tunaongea. Nianze na la kulia, kwa sababu ndilo lingetupoteza. Tairi la mtumba limekuja na alama za gari lingine lililokuwa huko lilikotoka. Ukingo wake wa ndani ulioliwa unaweza kuwa wa kempa ya gari la mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo kulinganisha kushoto na kulia, ambayo ndiyo njia ya kwanza mafundi wengi tunaitumia, kwako haifai. Tunachoweza kuamini upande huo ni ule mkwaruzo wa mbali tu, kwa kuwa ncha za kashata zinachongoka upya kadiri tairi linavyotembea kwenye gari lako.

La kushoto ndilo shahidi wetu. Tazameni picha ya pili mpya, ile tochi ikitokea upande wa nje. Kila mstari wa kashata una ukingo mmoja uliong'aa na kusimama, na ukingo mwingine umeviringwa. Ncha kali zinatazama nje ya gari. Picha ya tochi ya upande wa ndani, kashata zilezile zinaonekana laini, mwanga unapita juu yake. Hiyo inakubaliana na kiganja cha dada: kutoka ndani kwenda nje laini, kutoka nje kwenda ndani linakwaruza. Hii ni saini ya matairi yanayotanuka kwa mbele. Yangekuwa yamebanana kwa mbele, ncha zingetazama ndani na ukingo wa nje ndio ungeliwa.

Kempa peke yake haichongi hivyo. Kempa inakata tairi kama kisu kilicholala, mteremko mmoja laini kutoka nje hadi ndani, na kiganja kinateleza pande zote mbili. Na msumeno wa dada umefika hadi kashata za katikati. Tairi zima linaburuzwa ubavu, ukingo wa ndani ndio unaoumia zaidi.

Jabali la Igogo
Nakubali picha ni nzuri na nimeiona hiyo ncha. Lakini hujajibu. Tou imepimwa na ni sawa. Mashine mbili zimedanganya?

Fundi Miguu Mabatini
Mashine hazijadanganya. Zimepima gari lililosimama, limetulia, hakuna anayekanyaga breki. Tairi haliishi gari likiwa limesimama.

Mkono wa chini wa mbele una bushi mbili. Ile kubwa ya nyuma kazi yake ni kuzuia tairi lisirudi nyuma unapofunga breki au unapogonga jiwe. Mpira wake ukichanika, gari likisimama mkono unarudi mahali pake na mashine inasoma vizuri. Ukikanyaga breki, mkono unavutwa, tairi linajifungua kwa mbele. Ukiachia, linarudi. Karatasi inabaki kijani na tairi linaendelea kuisha.

Sasa fikiria dada anavyoshuka Bugarika. Kutoka nyumbani hadi barabara kubwa mguu uko juu ya breki muda wote. Na upande wetu wa kushoto wa barabara ndio wenye mashimo, makorongo na ukingo wa lami uliomeguka, kwa hiyo bushi ya kushoto inakufa kabla ya ya kulia mara nyingi tu.

Dada, kabla ya kununua chochote, mwambie fundi anyanyue gari, achukue mtalimbo aubane kati ya mkono wa chini na chesisi karibu na bushi ya nyuma, asukume. Mpira mzima unagoma na kurudi. Uliochanika unafunguka mdomo. Atikise pia tairi kwa mikono, moja saa tatu na nyingine saa tisa, kusikiliza kama kuna mlegeo kwenye tairodi endi. Kisha juu na chini kwa ajili ya boljointi na beringi.

Isamilo Mpimaji
Niongeze kitu kinachoweza kufanyika nyumbani, nimewahi kukitumia. Nyanyua tairi moja moja, lizungushe huku umeshikilia msumari sehemu moja juu ya kashata, upate mstari mwembamba kuzunguka tairi lote. Shusha gari kwenye sakafu iliyonyooka. Sukuma gari mbele mita chache liache lisimame lenyewe. Pima kwa futi kati ya mistari miwili kwa mbele ya matairi, kisha kwa nyuma, kimo kilekile cha katikati ya rimu. Andika.

Halafu rudia, ila safari hii wakati gari linasukumwa mtu aliye ndani akanyage breki lisimame, na aendelee kuishikilia. Pima tena bila yeye kuachia. Vipimo viwili vikiachana sana, kuna kitu kimelegea. Gari zima halibadiliki sana.

Kamanga Kivukoni
Bado sijajibiwa bei ya tairi 😅

Nyegezi Kona
Kamanga, fungua uzi wako kaka, na kwanza soma namba kwenye ubavu wa tairi la Spacio yako. Usinunue ya Noah kwa sababu tu zimefanana kwa macho.

DagaaMwaloni
Wakuu, majibu. Nilimpa fundi mwingine wa Mkuyuni asome uzi huu kwenye simu yangu kabla hajaanza, na alikubali kufanya vyote.

Bushi kubwa ya nyuma ya mkono wa kushoto imechanika zaidi ya nusu. Alipobana mtalimbo mwanya ulifunguka hadi mwanga ukaonekana. Nimeweka picha. Ya kulia ina nyufa za juujuu lakini inagoma. Tairodi endi na boljointi hazikutikisika.

Tulipima pia kwa msumari na futi. Gari likiachwa lisimame lenyewe, mbele na nyuma vilitofautiana kama milimita 1 tu. Likisimamishwa kwa breki na mguu ukabaki juu yake, mbele palikuwa papana kwa milimita 6.

Isamilo Mpimaji
Hiyo milimita 6 ni kubwa kuliko inavyosikika. Igawe kwa matairi mawili, kila moja limegeuka milimita 3. Tairi la 195/65R15 kipenyo chake ni karibu milimita 635. Gawa 3 kwa 635 unapata karibu 0.0047. Maana yake kwa kila kilomita 1 unayoteremka na breki, tairi linalazimishwa kwenda ubavuni karibu mita 5 huku gari likiendelea mbele. Mpira unajinyonga na kumeza sehemu ya hiyo, lakini inayobaki inasagwa juu ya lami na mawe. Na hapo mlisukuma kwa mikono. Mzigo wa dagaa ukiwa ndani na breki ya kweli, inafunguka zaidi.

Fundi Miguu Mabatini
Hesabu nzuri. Dada, badilisha bushi mbili, kushoto na kulia, usibaki na yenye nyufa. Na hili msimamie fundi kwa macho: boliti za bushi za mkono zisikazwe mwisho gari likiwa juu ya jeki na mguu unaning'inia. Ashike tu, ashushe gari lisimame kwa uzito wake, ndipo akaze. Ukikaza mguu ukining'inia, gari likishuka mpira unabaki umenyongwa muda wote na hautamaliza safari nyingi. Gari lako lenye spesa mkono umeshuka tayari, kwa hiyo hilo lina uzito zaidi kwako. Ukishamaliza, ndipo upime alaimenti. Hizo karatasi mbili za mwanzo zimekufa, zilipimwa juu ya bushi mbovu.

Jabali la Igogo
Sawa, bushi imeonekana, siwezi kupinga mwanga unaopita kwenye mpira. Lakini dada weka hapa namba za kempa za karatasi ya pili. Nataka kuziona zenyewe, sio rangi.

DagaaMwaloni
Jabali, karatasi ya pili: kempa kushoto -1°10', kulia -0°20'. Zote kijani.

Jabali la Igogo
Ndiyo hapo. Kushoto imeingia ndani zaidi ya kulia kwa dakika 50. Kijani ni kijani, lakini tofauti kati ya pande mbili ni kubwa. Na lililokwisha vibaya ni kushoto. Fundi, hilo nalo ni msumeno?

Fundi Miguu Mabatini
Jabali, swali lako ni la haki na sitalipita. Tofauti ya zaidi ya nusu digrii kati ya kushoto na kulia ni jambo la kufuatilia. Picha haiwezi kunihakikishia kwamba ukingo ule wa ndani haukusaidiwa na kempa. Msumeno unaonyesha tou imefanya kazi, lakini ukingo ukishafika kipara kashata zenyewe hazipo tena, hakuna cha kupapasa pale. Sehemu iliyobaki na ushahidi ni kashata zilizobaki kuanzia karibu na ukingo huo hadi katikati, na pale nauona msumeno.

Inawezekana namba hiyo ya kushoto imetokana na bushi ileile, mkono umekaa vibaya. Inawezekana pia mguu wa shokapu umepinda kidogo kwa yale mawe, au spesa za kushoto na kulia hazilingani unene. Mimi ningebadilisha bushi kwanza, nipime, nione namba inakwenda wapi. Ikibaki pale pale, apime unene wa spesa kabla ya kununua boliti za kempa. Boliti zinasogeza tairi, lakini kama shokapu imepinda unakuwa umeficha kilichopinda.

Nyegezi Kona
Na la nyuma? Mmelisahau. Picha mpya imepigwa mbali na bado mabega yote mawili yameisha kuliko katikati.

Fundi Miguu Mabatini
Kweli, asante. Safari hii picha inaaminika. Mabega mawili sawasawa, katikati bado kumesimama, kiganja sijui dada kimesema nini lakini kwa picha ya tochi hakuna ncha. Hiyo ni upepo mdogo kwa uzito unaobebwa. Dada, mnajaza ngapi nyuma ukibeba magunia?

DagaaMwaloni
Kijana wangu anapunguza upepo makusudi ili gari lisirukeruke kwenye mawe, na akifika lami haongezi. Nitamsimamisha. Kiganja nyuma kinateleza pande zote.

Konda Mstaafu
Huyo kijana simlaumu, kwenye mawe upepo mdogo gari linanesa vizuri. Ila gunia za dagaa na lami hadi Sengerema, tairi linachemka sana.

Isamilo Mpimaji
Mimi sina hakika ni upepo tu. Zile kona za Bugarika gari limejaa, mabega yanaumia hata upepo ukiwa sawa. Tungepata kipimo cha upepo cha wiki kadhaa ndio tungejua.

Fundi Miguu Mabatini
Kona zinachangia, sikatai. Lakini kona zingekula zaidi mbele kuliko nyuma, na mbele bega la nje la dada ni zima. Nabaki kwenye upepo, ila kipimo kitatuamulia.

DagaaMwaloni
Mrejesho. Bushi zote mbili zimebadilishwa, nimesimama pale hadi gari likashushwa chini ndipo zikakazwa. Tukarudia msumari na futi: kwa breki tofauti imekuwa karibu milimita 1, sawa na bila breki. Alaimenti imepimwa upya. Kempa kushoto sasa ni -0°50', kulia -0°20'. Imesogea lakini haijalingana. Spesa bado hazijapimwa.

Nimenunua matairi mawili mapya ya mbele, boliti za kempa sijanunua. La mtumba nimelirudisha kuwa spea.

Swali la mwisho: nitajuaje mapema kama limepona, nisisubiri hadi liwe kipara tena?

Fundi Miguu Mabatini
Usitegemee macho, na usitegemee kumbukumbu. Matairi yakiwa bado mapya, chagua sehemu moja ya kila tairi uweke alama ya rangi ubavuni. Hapo pima kina cha mfereji wa ndani, wa katikati na wa nje. Kama huna kipimo, tumbukiza njiti ya kiberiti, weka alama kwa ukucha, iweke juu ya rula. Andika pamoja na kilomita za dashibodi. Piga na picha ya tochi pande zote mbili, ileile ya mwanzo, mahali palepale.

Rudia baada ya kama kilomita 2,000. Ndani na nje vikishuka sawa, umepona. Ndani kukitangulia na kiganja kinateleza pande zote, Jabali alikuwa na hoja na tunarudi kwenye kempa ya kushoto. Ndani kukitangulia na msumeno umerudi, kuna kitu kingine kinalegea ambacho hatujakiona. Msumeno unasikika kwa kiganja mapema sana, kabla rula haijaonyesha kitu.

Jabali la Igogo
Nausubiri huo mrejesho. Na dada, hizo spesa zipime. Zitoe zote mbili uziweke mezani sambamba.

DagaaMwaloni
Jumapili gari likiwa halina safari nitazitoa na kuweka picha hapa, na rula pembeni yake.

Kamanga Kivukoni
Nimesoma namba za Spacio yangu: 185/70R14. Kumbe tofauti kabisa. Ila nimepapasa la mbele kulia na linakwaruza nikitoka ndani kwenda nje. Hiyo ni kinyume cha ya dada, si ndiyo?

Fundi Miguu Mabatini
Ndiyo, kinyume, matairi yanabanana kwa mbele. Papasa na la kushoto, kisha fungua uzi wako, picha ziwe na chaki na mshale.